Naomba ushauri: kreatini inapunguza maumivu ya nyuma ya paja baada ya zoezi la nordiki?

Beki_Mbili
Wakuu, habari za jioni. Nacheza ligi ya wilaya, beki wa kulia, nina kilo 68. Kocha mpya ametuletea nordiki ili tusichanike misuli ya nyuma ya paja. Unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, halafu unajiachia mbele taratibu huku ukijizuia mpaka viganja viguse chini. Jumatatu tulipiga seti 3 za mara 10. Jioni hiyo sikusikia kitu. Jumatano nimeshuka kwenye daladala nimeshikilia mlango kwa mikono miwili, na kukaa chooni ulikuwa mtihani.

Muuzaji wa virutubisho hapa mjini anasema nikinywa kreatini maumivu sitayasikia tena. Kopo lake linazidi nauli yangu ya mwezi mzima. Kuongeza mwili sina haja nako. Nataka kujua kama kuna ushahidi kwamba inapunguza haya maumivu.

Chuma_Kizito
Nunua mkuu. Kuna utafiti wa Australia wa 2009, watu walifanya mazoezi kama hayo yako, msuli unanyooka huku umebeba mzigo. Waliokunywa kreatini nguvu iliwarudia vizuri zaidi, na kimeng'enya kinachovuja kwenye damu msuli ukiumia kilikuwa chini. Sasa msuli usipoumia, maumivu yatatoka wapi? Anza na gramu 20 kwa siku, uzigawe mara nne, siku 5. Baada ya hapo gramu 5 kila siku.

Mama_Zuhura
Pole mwanangu. Hiyo ni misuli kukazana kwa kukosa maji na chumvi. Kijana wangu alikuwa analia usiku vigimbi vimemkamata, nikawa nampa uji wenye chumvi kidogo na ndizi, akatulia.

Fizio_wa_Tanga
Shikamoo Mama Zuhura. Ya kijana wako ni mkazo, unakuja ghafla, msuli unakuwa mgumu kabisa kisha unaachia. Huyu maumivu yamemjia siku ya pili, yanamuuma akinyoosha au akibonyeza, akitulia yanapoa. Maji hayatayaondoa.

Beki, huo utafiti aliousema Chuma upo kweli, na ameueleza sawa mpaka katikati. Walikuwa wanaume 14 wasio na mazoezi. Walianza kreatini pamoja na wanga siku 5 kabla ya zoezi, wakaendelea siku 14 baadaye. Nguvu ilikuwa juu kwa asilimia 10 katika kipimo kimoja na 21 katika kingine. Lakini kilichopimwa hapo ni nguvu na damu. Wewe umeuliza maumivu.

Hapo ndipo watu wanapoteleza. Kimeng'enya kwenye damu na maumivu haviendi pamoja. Mtu anaweza kuwa nacho juu sana na anatembea vizuri, mwingine kiko chini na hawezi kushuka ngazi. Sehemu kubwa ya maumivu haya inatoka kwenye tishu zinazozunguka nyuzi za msuli, ambako mishipa ya fahamu inakuwa nyepesi kushtuka kwa siku mbili tatu. Kreatini kazi yake ni kuongeza akiba ya nishati ya haraka ndani ya msuli. Inasaidia ukirudia mbio fupi au seti nzito.

Nenda sasa kwenye utafiti wa Marekani wa 2001. Watu walikunywa gramu 20 kwa siku kwa siku 5, wakafanyishwa mikunjo 50 ya kiwiko, mkono ukilazimishwa kunyooka huku wao wanapinga kwa nguvu zote. Nguvu, mkono kunyooka, maumivu, kimeng'enya: kote huko waliokunywa hawakutofautiana na wasiokunywa. Mwaka 2021 wakachambuliwa tafiti 13 kwa pamoja. Kilichobaki ni kimeng'enya kuwa chini saa 48 baada ya zoezi. Kwenye maumivu hakukuwa na faida ya kuaminika. Kwa swali lako, kopo hilo liache dukani.

Mpagazi_Mweka
Niongeze la kwetu. Mimi ni mpagazi Kilimanjaro. Wageni wakifika Uhuru, mita 5,895, siku hiyo hiyo wanateremka mpaka kambi ya Mweka, karibu mita 3,100. Kupanda hawalalamiki mapaja. Ni kushuka. Kesho yake mgeni anateremka kinyumenyume, mbele ya paja panawaka moto. Sisi tuna mizigo na hatuumwi. Ila mwanzo wa msimu, kama nimekaa nyumbani muda mrefu, safari ya kwanza na mimi naumwa. Ya pili hakuna kitu. Kreatini sijawahi kuiona.

Fizio_wa_Tanga
Mpagazi, hilo ndilo lenye ushahidi mzito kuliko unga wowote. Msuli ukishapitia kazi ya namna hiyo mara moja, hata kidogo tu, mara ya pili unaumia kidogo sana, na kinga hiyo inakaa wiki kadhaa. Ukikaa sana inapungua, ndiyo maana mwanzo wa msimu unaumwa.

Kwa hiyo Beki, tatizo lako ni dozi ya Jumatatu. Marudio 30 ya nordiki kwa mguu usiowahi kuifanya ni mengi mno. Ratiba ya Wanorwe iliyochapishwa 2004 inaanza na siku moja tu wiki ya kwanza, seti 2 za mara 5. Wiki ya pili siku mbili, seti 2 za mara 6. Wiki ya tatu siku tatu, seti 3 za mara 6 hadi 8. Ya nne seti 3 za mara 8 hadi 10. Kuanzia ya tano ndiyo unafika seti 3 za mara 12, 10 na 8. Kocha wako amewaanzishia kazi ya wiki ya nne. Zoezi lenyewe msiliache, kwa kuzuia kuchanika linasaidia kweli.

Angalia mambo mawili. Kama maumivu yalikushika ghafla ukiwa kwenye mbio, na unaweza kuonyesha kwa kidole kimoja panapouma, huenda umechanika, pumzika ukapimwe. Na mkojo ukiwa rangi ya kahawia iliyokolea, hospitali leo leo.

Chuma_Kizito
Fizio nakuheshimu, ila tafiti zako nyingi ni za siku 5 za kunywa. Wajapani 2024 walitoa gramu 3 kwa siku, siku 28 kabla ya zoezi. Nguvu ilirudi mapema na msuli haukukakamaa sana. Huoni muda ndio unaoleta tofauti?

Fizio_wa_Tanga
Naiona, na ni utafiti mzuri, wapimaji na waliopimwa wote hawakujua nani anakunywa kreatini. Lakini ni wanaume 20, na ni kiwiko. Kuna uchambuzi mwingine wa 2022 ulioonyesha kinyume kwa watu walio kwenye mazoezi mfululizo: wenye kreatini walikuwa na dalili zaidi za msuli kuumia saa 24 baadaye, labda kwa sababu wanaweza kujituma zaidi. Kwa mchezaji aliye katikati ya ligi sijapata wa kunitosheleza upande wowote.

Chuma_Kizito
Mimi naendelea na gramu zangu 5. Kwangu maumivu yamepungua.

Fizio_wa_Tanga
Endelea, mkuu. Ila umechuchumaa na chuma miaka yote hiyo, kinga ya Mpagazi na wewe unayo.

Beki_Mbili
Asanteni wote. Nimemtumia kocha ratiba, amekubali tuanze upya na seti 2 za mara 5. Anauliza: mechi zetu ni Jumamosi, siku hiyo moja tuiweke lini?

Fizio_wa_Tanga
Jumatatu au Jumanne, mwisho wa mazoezi. Msiifanye Alhamisi wala Ijumaa, maumivu yatawakuta uwanjani. Na waliokosa Jumatatu iliyopita waanze na hizo 5, hata kama wenzao wameshapanda.