Naomba ushauri: makisio yangu ya // na % kwa namba hasi kwenye Python yako sawa?

Kijana_wa_Igombe: Wakuu, shikamooni. Najifunza Python, na huwa naandika jibu kwenye daftari kabla ya kuiuliza kompyuta. Kwenye namba hasi nimekwama, na kuna kazi inategemea hili. Makisio yangu ni haya:

```
-3 // 12     0
-3 % 12     -3
3 % -12      3
-3 % -12    -3
```

Nimepatia?

Mama_Hesabu: Marahaba. Umepatia la mwisho tu. Alama ya // haikati desimali na kuitupa, inashuka hadi namba nzima iliyo chini. -3 kugawa kwa 12 ni -0.25, na namba nzima iliyo chini yake ni -1, si 0. Baki linatokana na hapo: -1 mara 12 ni -12, na kutoka -12 kufika -3 unaongeza 9. Kwa hiyo `-3 % 12` ni 9. Makisio yako ni ya C au Java, ambazo hukata kuelekea sifuri.

Mkuu_Nyegezi: Kwa kifupi, dogo, kwenye Python baki ni chanya siku zote. Shika hilo, utafaulu.

Mama_Hesabu: Si siku zote, kaka. Baki linafuata alama ya namba inayogawa. `3 % -12` inatoa -9, kwa sababu // imetoa -1, -1 mara -12 ni 12, na kutoka 12 kurudi 3 ni -9.

Pasiansi_Boy: Tatizo ni mabano. Mimi niliandika `-3**2` nikapata -9. Weka mabano kila mahali.

Mama_Hesabu: Hiyo ni ya kipeo, ambacho hutangulia alama ya hasi. Kwa // na % hasi hushika kwanza, kwa hiyo `-3 % 12` na `(-3) % 12` ni kitu kimoja. Ila ukiandika `-(3 % 12)` utapata -3. Kijana, kazi inayotegemea hili ni ipi?

Kijana_wa_Igombe: Ni programu ndogo ya mwaloni, ya kuandika saa mitumbwi ya dagaa inaporudi. Inachukua saa ya kompyuta, 0 hadi 23, inatoa 6, halafu % 12, ili watu wasome saa ya Kiswahili. Na inafanya kazi. Nimejaribu usiku wa manane, ikasema saa sita.

Mkuu_Nyegezi: Hapa kuna hadithi ya kutunga. Kama unaamini % inabakiza hasi, usiku wa manane ungetarajia -6. Iweje uone 6 usishangae? Programu hiyo haipo, au kuna mstari umetuficha.

Kijana_wa_Igombe: Sijatunga, mkuu. Niliogopa hasi, nikaweka hivi:

```python
saa = abs(h - 6) % 12
```

Lakini jibu si lilikuwa sahihi? Na mwaloni wameshaanza kuitumia, sitaki kuivuruga.

Mama_Hesabu: Umejaribu saa pekee ya usiku inayoficha kosa. Kwa h = 0, abs inatoa 6, na `-6 % 12` nayo ni 6. Jaribu h = 3: abs inatoa 3, yaani saa tatu, wakati mitumbwi imerudi saa tisa usiku. Kuanzia h = 1 hadi 5 zote zinakosea. Ondoa abs uiachie Python:

```python
saa = (h - 6) % 12 or 12
```

Ile `or 12` ni ya h = 6 na 18, ambapo baki ni 0 na sisi tunasema saa kumi na mbili.

Fundi_Kirumba: Mimi ningeandika `(h + 6) % 12 or 12`. Jibu ni lilelile, na hasi haiingii kabisa. Kesho mtu akiihamishia kwenye Java ya simu, `(3 - 6) % 12` itampa -3.

Mama_Hesabu: Kweli, ila anayesoma h + 6 atauliza kwa nini tunaongeza wakati saa yetu iko nyuma kwa sita. Mimi nabaki na h - 6. Akienda Java kuna `Math.floorMod(h - 6, 12)`.

Fundi_Kirumba: Anayehamisha hakumbuki floorMod. Nabaki na yangu.

Kijana_wa_Igombe: Nitabadilisha. Je, zilizokwisha kuandikwa naweza kuzigeuza kwa hesabu?

Mama_Hesabu: Umehifadhi h, au saa iliyotoka?

Kijana_wa_Igombe: Iliyotoka tu.

Mama_Hesabu: Basi haiwezekani, mwanangu. Ukikuta 3 kwenye faili, inaweza kuwa imetoka kwa h = 3, kwa h = 9 au kwa h = 21. Kila penye 1 hadi 5, lichukue daftari la karani wa mwaloni ulinganishe mtumbwi kwa mtumbwi. Na kuanzia leo hifadhi h yenyewe, ubadilishaji ufanyike wakati wa kuonyesha tu.

Pasiansi_Boy: Na kama karani hakuandika saa?