Tupeane uzoefu: Hotuba ya siku ya sayansi kuhusu usingizi na kumbukumbu

Mama Tatu
Habari zenu wapendwa. Binti yangu wa kidato cha tatu atatoa hotuba ya dakika 7 siku ya sayansi: kwa nini usingizi unamsaidia mwanafunzi kujifunza na kukumbuka. Nimesoma rasimu yake, kila mstari ni "usingizi ni muhimu sana". Mliowahi kuandaa kitu kama hicho, nini kiliwafanya watu wasikilize?

Kibajaji
Mwambie aseme ubongo ukilala unazima, kama simu ikiwa kwenye chaji. Asubuhi umejaa. Watoto wataelewa haraka.

Mwalimu wa Bweni
Kibajaji, uchovu kweli unapungua, ila ubongo hauzimi. Mwaka 1994 Wilson na McNaughton walichapisha utafiti wa panya waliowekewa nyaya ndani ya hipokampasi, sehemu inayopokea kumbukumbu mpya. Seli zilizokuwa zikiwaka pamoja panya akitembea, zilielekea kuwaka pamoja tena akiwa amelala. Ni kama alikuwa anapiga marudio.

Mama Tatu, mimi wanafunzi wangu walirudia jaribio la zamani la Jenkins na Dallenbach, Chuo Kikuu cha Cornell, 1924. Katika jaribio hilo la 1924, vijana wawili walikariri silabi 10 zisizo na maana hadi wakazisema zote. Kisha walilala au wakabaki macho, na wakaulizwa baada ya saa 1, 2, 4 au 8. Baada ya saa 8 za kuwa macho ilibaki takriban silabi moja. Wakilala saa hizo 8, zilibaki zaidi ya tano. Ukumbi uliposikia hivyo, minong'ono iliisha.

Msuli Tembo
Mbona mimi nilikesha na kahawa kabla ya mtihani wa historia nikapata A? Hizo silabi ni za Wazungu, sisi tulipiga msuli mpaka alfajiri na tukafaulu.

Mwalimu wa Bweni
Hongera. Na leo hayo ya historia unayakumbuka?

Msuli Tembo
Hata kimoja 😂 Lakini cheti ninacho.

Nesi wa Zamu
Samahani, mimi nikitoka zamu ya usiku sipati usingizi mchana kabisa, jua kali na watoto wa jirani. Mnatumia dawa gani?

Mama Tatu
Dada pole sana, hapa tunaongelea hotuba ya mtoto. Dawa muulize daktari wa hapo kazini.

Mwalimu wa Bweni
Nesi, kwanza angalia saa ya kikombe cha mwisho cha kahawa. Kwa watu wazima wengi, nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa 5 hivi.

Fundi Takwimu
Mwalimu, jaribio lenu lina tundu. Kundi la kwanza likikariri saa 2 asubuhi na kuulizwa saa 2 usiku, na la pili likikariri saa 2 usiku na kuulizwa asubuhi, huenda tofauti ni uchovu wa jioni tu, si usingizi.

Mwalimu wa Bweni
Umelenga. Ndiyo maana tuliongeza makundi mawili madogo: moja linakariri na kuulizwa baada ya nusu saa asubuhi, jingine vivyo hivyo usiku. Yakilingana, lawama haiendi kwa saa. Kwetu yalikaribiana, ila wanafunzi walikuwa wachache, nisiape. Kingine, silabi zenyewe ni kazi. Tuliweka "famu", mtoto mmoja akaishika kwa "fahamu" akaipata kila mara. Tukaifuta, tukaweka "zube", kumbe nayo ni jina la utani la kijana wa dirisha la mwisho.

Fundi Takwimu
Na bado hujatueleza kama usingizi unajenga kumbukumbu au unazikinga tu. Aliyelala haoni wala hasikii mapya ya kugongana na yale ya zamani. Jenkins na Dallenbach wenyewe walielekea huko.

Mwalimu wa Bweni
Kweli, jaribio hilo peke yake halitenganishi. Panya wa 1994 wanaelekeza kwenye kujenga, mimi nipo upande huo. Binti aseme yote mawili, majaji hupenda.

Mama Tatu
Asanteni. Sasa tatizo: kengele ya prepu bwenini kwao inalia saa 10 alfajiri, taa zinazimwa saa 5 usiku. Nimesoma umri wao unashauriwa saa 8 hadi 10. Aliseme hilo mkuu wa shule akiwa mstari wa mbele?

Kibajaji
Aseme! Hesabu ni saa 5, hata mimi nimeona.

Mwalimu wa Bweni
Asihukumu. Aweke hesabu ubaoni kisha aendelee na silabi. Kwetu nilishauri hivyo, prepu ya alfajiri ipo mpaka leo.

Nesi wa Zamu
Na kulala kidogo mchana baada ya kusoma, kunahesabika?