Kucha za miguu nene na za njano: nimemeza dawa wiki 6, kucha iko vilevile. Naombeni ushauri

MtuWaKibirizi
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 43, nanunua dagaa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma. Kuanzia saa kumi alfajiri niko ndani ya mabuti ya mpira, na yakiingia maji nashinda nayo hivyohivyo mpaka mchana.

Kama miaka mitatu iliyopita kucha ya dole gumba la mguu wa kulia ilianza kugeuka njano pembeni. Sasa rangi imefika karibu na shina, kucha imenenepa mpaka kikata kucha hakiingii, na nikiichokonoa chini unatoka unga mweupe kama wa muhogo. Kidole kidogo nacho kimeanza. Haiumi, ila naona aibu kuvua viatu mlangoni kwa watu.

Duka la dawa nilipewa griseofulvini, nikameza wiki 6 bila kuruka siku. Kucha haijabadilika hata kidogo. Je, dawa ni feki au huu si fangasi?

Mama Tuma
Pole sana baba. Mimi yangu ilikuwa inaingia kwenye nyama, kidole kikavimba na kutoa usaha. Walinichoma ganzi wakakata pembeni, nikapona. Nenda wakakate na wewe.

MtuWaKibirizi
Asante mama, lakini yangu haijaingia kwenye nyama wala haina usaha. Ni unene na rangi tu.

Kaka Mwanga
Hiyo ni fangasi, huna haja ya kuzunguka. Unga huo ndio fangasi wenyewe. Acha griseofulvini, nunua terbinafini ya miligramu 250, kidonge kimoja kila siku mpaka kucha ipone. Mabuti chomeka magazeti usiku yakauke.

Darubini_Tabora
Nafanya kazi maabara hapa Tabora. Kaka Mwanga dawa umeipatia, na magazeti pia. Sikubaliani na mambo mawili: kuanza kumeza kabla ya kupima, na hiyo "mpaka ipone".

Kucha nene ya njano inafanana na mambo mengi. Kiatu kinachogonga kidole miaka mingi kinaleta sura hiyohiyo, na ugonjwa wa ngozi wa soriasisi unaleta mpaka unga wa chini. Katika kucha zilizoharibika, fangasi ni karibu nusu tu. Kwa macho hata daktari hukosea, na wewe utakuwa umemeza dawa inayopita kwenye ini miezi mitatu bure.

Mkuu wa Kibirizi, kuna dawa yoyote unapaka sasa hivi?

MtuWaKibirizi
Napaka krimu ya fangasi kila usiku. Na nilishapima mkuu, sikusema mwanzo. Mwezi uliopita, nikiwa bado kwenye vidonge, walinikata ncha ya kucha, majibu yakasema hakuna fangasi. Ndiyo maana nimechanganyikiwa.

Darubini_Tabora
Basi kipimo hicho hakikuwa na nafasi ya kukuambia ukweli. Ulikuwa na dawa mwilini na krimu juu, halafu wakachukua ncha. Ncha ni sehemu ya zamani, fangasi wengi pale wameshakufa. Walio hai wako nyuma, kwenye mpaka wa kucha mbovu na kucha nzima, upande wa chini.

Acha krimu na vidonge wiki 4 hivi, kisha urudi. Kidole kifutwe kwa spiriti. Kucha ikatwe kurudi nyuma kadiri usivyoumia, kipande cha mbele kitupwe, halafu wakwangue ule unga wa chini karibu na mpaka. Waombe wachukue wa kutosha, maana vipunje viwili vitatu ndivyo vinavyotupa majibu ya uongo. Unakunjwa kwenye karatasi safi kavu, hauhitaji barafu.

Sisi tunaweka unga kwenye kioo na tone la kemikali ya KOH, inalainisha kucha mpaka tunaona kupita ndani yake. Kama fangasi yupo, zinaonekana nyuzi nyembamba zenye matawi. Majibu hutoka siku hiyohiyo. Ila darubini haisemi ni fangasi wa aina gani wala kama yuko hai. Hilo linahitaji kumwotesha, na huchukua mpaka wiki 4. Na hata sampuli nzuri hukosa mara nyingine, kwa hiyo "hakuna" ya mara moja isikukatishe tamaa kama dalili zipo.

Kaka Mwanga
Kuotesha wiki 4 ni kupoteza muda na nauli. Darubini ikiona, inatosha.

Darubini_Tabora
Mara nyingi daktari huanza dawa kwa darubini peke yake, ni kweli. Mimi bado napenda kuotesha dawa inaposhindwa, kama hapa.

MtuWaKibirizi
Wakuu nimerudi. Nilisubiri wiki 4, nikaomba wakwangue chini kama ulivyosema. Wameona nyuzi. Daktari amepima ini, liko sawa, sukari pia sawa. Amenipa terbinafini 250, moja kwa siku, wiki 12. Lakini ameniambia kucha itakaa sawa baada ya mwaka! Wiki 12 za dawa halafu mwaka mzima?

Darubini_Tabora
Amekwambia kweli. Dawa haitengenezi kucha iliyokwisha kuharibika, kipande hicho hakirudi. Inachofanya ni kuingia kwenye kucha mpya inayotoka shinini, fangasi asiipate. Ile mbovu inasukumwa mbele taratibu mpaka uikate, na kucha ya mguu husogea milimita 1 hadi 1.5 tu kwa mwezi. Pima dole gumba lako kutoka shina mpaka ncha.

MtuWaKibirizi
Milimita 18.

Darubini_Tabora
Gawanya. Ikienda vizuri ni miezi 12, ikienda polepole ni 18. Dawa hubaki ndani ya kucha miezi kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, ndiyo maana vidonge huisha mapema. Na griseofulvini yako haikuwa lazima feki: kwa kucha za miguu huliwa mwaka au zaidi, na mara nyingi hushindwa hata hivyo. Wiki 6 zisingeonyesha kitu.

Fanya jambo moja. Chukua tupa ndogo ya kucha, chora mstari mwembamba juu ya kucha pale nzima inapokutana na mbovu. Kila mwezi tazama. Mstari ukienda mbele na nyuma yake pakabaki peupe safi, dawa inafanya kazi hata kama mbele panatisha. Unjano ukiuvuka mstari kurudi shinini, rudi kwa daktari. Macho yakigeuka njano, mkojo ukawa mweusi, au chakula kikapoteza ladha, acha dawa umwone haraka.

Mama Tuma
Na vidole katikati panapochubuka, pakae hivyohivyo?

Darubini_Tabora
Hapana mama, hapo papakwe krimu. Mara nyingi fangasi huanzia kwenye ngozi ndipo huingia kuchani. Ukiponya kucha ukaacha ngozi, anarudi.

MtuWaKibirizi
Leo ni mwezi wa 5 tangu nianze terbinafini. Nilimaliza vidonge mwezi wa 3. Mstari wa dole gumba umesogea milimita 6, nyuma yake ni kucha laini ya rangi ya kawaida, naikata bila shida. Mabuti sasa nina pea mbili, moja inakauka juani siku nzima.

Kidole kidogo ndicho sikielewi. Kucha imesogea kidogo sana, na inayotoka nayo ni nene.

Darubini_Tabora
Dole gumba endelea hivyohivyo. Kidole kidogo kinabanwa na buti kila siku, unene wake unaweza kuwa wa kiatu na si fangasi. Unga uliopimwa ulitoka dole gumba tu. Kabla hujaomba dawa tena, nacho kikwanguliwe peke yake.