Barua ya kuomba kazi ya ufundi simu kituo rasmi, mimi sina cheti. Nisaidieni kuirekebisha

Fundi_Ngarenaro: Wakuu habari. Kuna kituo rasmi cha huduma za simu hapa Arusha kinatafuta fundi. Nina miaka mitano mezani, nimejifunza mwenyewe, sijapita chuo. Aya kuu ya barua yangu ni hii:

"Nina uwezo wa kutengeneza simu aina zote, kubadili vioo, sistimu chaji, kuflashi, kutoa loki za akaunti na kurekebisha IMEI. Ni mchapakazi na najituma."

Imekaa sawa?

Mzee_wa_Bodi: Mkuu, ongeza ufundi wa bodi. Andika unafuatilia shoti kwa pawa saplai, unanyanyua aisii na kuirudisha, unavuta waya pale laini ilipokatika. Hapo ndipo fundi anapojulikana.

Dada_Mapokezi: Mzee wangu, kwa fundi wa mtaani uko sahihi. Kituo rasmi kwa kawaida hakivuti waya kwenye bodi. Kinabadilisha kifaa kizima kwa spea ya kampuni, na spea hiyo inaombwa kwa namba ya kazi na IMEI ya simu. Bodi iliyochomelewa nje ya utaratibu huo inaweza kuleta mgogoro wa waranti. Ujuzi wa bodi autaje kwa sentensi moja, kwa sababu unaonyesha anajua tatizo liko wapi.

Sasa mdogo wangu, futa leo hii "kurekebisha IMEI". Kubadili IMEI ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010, nawe unakiri kwa maandishi na sahihi yako chini. "Kutoa loki za akaunti" nayo iondoke. Msomaji wa kituoni atajiuliza umefungua simu ngapi za wizi. Kama ulikuwa ukidai risiti kwanza, sema "sifungui simu bila uthibitisho wa mmiliki".

"Simu aina zote" haimwambii chochote. Weka kazi moja, kwa mpangilio ambao fomu ya kazi inajazwa: mteja amelalamika nini, umepima nini, umekuta nini, umefanya nini, umehakikishaje. Mfano, kama umewahi kufanya kazi ya namna hii:

"Mteja alileta simu isiyopokea chaji. Kabla ya kuifungua niliijaribu kwa chaja na waya ninavyojua ni vizima. Kipimo cha yuesibii kilionyesha ampea 0.1. Kwa lenzi niliona vumbi limeshindiliwa ndani ya tundu la chaji. Nilizima simu, nikalitoa kwa kijiti kisicho cha chuma, nikapima tena, ikafika ampea 1.4. Sikubadilisha spea. Niliiacha ichaji nusu saa mbele ya mteja kabla ya kumkabidhi."

Weka vipimo vyako mwenyewe, usinakili hivi, maana kwenye usaili watakuuliza hiyo hiyo kazi. Ukisema 1.4 watataka kujua simu ilikuwa na asilimia ngapi, kwa sababu ikikaribia kujaa inapunguza yenyewe kiasi inachovuta.

Kijana_wa_Majengo: Samahani naingilia. Simu yangu iliingia maji, fundi wa mtaani akaifungua. Waranti bado ipo?

Dada_Mapokezi: Ndugu, ndani kuna vibandiko vyeupe vinavyogeuka vyekundu vikiguswa na maji. Fundi wa kituo akikuta vyekundu, mara nyingi utalipia. Soma kadi yako ya waranti, halafu fungua uzi wako ili tusimpotezee huyu njia.

Mwl_Moshi: Kuhusu cheti: VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa vitendo. Nenda chuo chao cha karibu uulize kama fani yako wanaipima na lini. Ukishajiandikisha, andika "nimejiandikisha kupimwa". Usiandike "nina cheti" kabla hujakishika mkononi. Na usifiche kwamba umejifunza mwenyewe, liweke mwanzoni, halafu kazi uliyoieleza ifuate papo hapo.

Fundi_Ngarenaro: Asanteni sana. Nimefuta IMEI na loki. Kazi yangu ni ya betri iliyovimba: niliitumia simu hadi chaji ikashuka chini ya asilimia 25, nikalegeza gundi kwa spiriti bila kutumia moto, sikuichokonoa kwa chuma. Inafaa?

Dada_Mapokezi: Inafaa kuliko mfano wangu, maana usalama ndicho kitu cha kwanza wanachokiangalia. Ila hapo kwenye kuitumia patakuletea maswali. Betri iliyovimba haichajiwi tena, na kama tayari imekisukuma kioo, simu inazimwa palepale. Eleza uvimbe ulikuwa kiasi gani, na betri ya zamani uliipeleka wapi.

Mzee_wa_Bodi: Hilo la waranti nimekubali. Lakini barua aiandike Kiingereza, vituo hivi fomu zao ni za Kiingereza.

Mwl_Moshi: Sikubaliani, mzee. Afuate lugha ya tangazo. Tangazo liliandikwa kwa lugha gani, kijana?

Fundi_Ngarenaro: Zote mbili, mwalimu.