Tupeane uzoefu: Umewahi kuikimbia nyongeza ya mshahara kwa kuogopa kodi?

Ngosha wa Igoma
Wakuu, naanza mimi ili msione aibu. Mwaka 2022 nilikuwa kiwanda cha samaki hapa Mwanza, kitengo cha minofu ya sangara, mshahara milioni moja kamili. Meneja akaniita: shika usimamizi wa shifti ya usiku, tutakupa 1,150,000. Nikaomba siku mbili nifikirie.

Jioni pale Buzuruga jamaa yangu akanishtua: "Ukivuka milioni tu umeingia asilimia 30, umekwisha." Tukapiga hesabu kwenye simu. Asilimia 30 ya 1,150,000 ni 345,000, toa na NSSF 115,000, inabaki 690,000. Na wakati huo nilikuwa naingiza mkononi 797,000! Yaani nikeshe, nigombane na watu arobaini, halafu nipungukiwe laki moja na elfu saba? Nikakataa. Nani mwingine?

Mhasibu Mkuyuni
Pole sana kaka. Hesabu yenu ilikosea mahali pawili.

Kwanza, kodi haipigwi kwenye milioni. NSSF asilimia 10 inatoka kabla, kwa hiyo mshahara wako wa zamani ulikuwa unatozwa kwenye 900,000. Pili, na hapa ndipo wengi wanapozama, ngazi mpya haishuki kuzigusa hela za ngazi za chini. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, 270,000 za mwanzo hazikatwi kitu. 250,000 zinazofuata zinakatwa asilimia 8, ni 20,000. 240,000 zinazofuata asilimia 20, ni 48,000. Zako zilizobaki, 140,000, asilimia 25, ni 35,000. Jumla 103,000. Toa na NSSF 100,000, unapata ile 797,000 yako.

Sasa chukua 1,150,000. Ukitoa NSSF inabaki 1,035,000. Ngazi zote za chini ni zilezile, ila ile ya asilimia 25 sasa imejaa, inatoa 60,000. Asilimia 30 inagusa 35,000 tu zilizovuka milioni, nayo ni 10,500. Kodi yote 138,500. Mkononi ungepata 896,500.

Nyongeza ya 150,000 ingekuletea 99,500. Inauma, ndiyo, lakini haipungui.

Ngosha wa Igoma
Dada, umeniharibia usingizi.

Kijana wa Nyegezi
Mimi siku zote nilijua inaenda kwa ngazi, na mimi si mhasibu. Ila kama mtu anapata 1,100,000, si tayari yupo kwenye asilimia 30? Kwa hiyo kila anachoongezewa anabaki na 70 katika kila mia.

Mhasibu Mkuyuni
Nusu umepata. Huyo wa 1,100,000 akitoa NSSF anabaki na 990,000, bado hajaifikia asilimia 30. Na hata akiifikia, habaki na 70. Katika kila shilingi mia ya nyongeza, kumi zinaenda NSSF, na tisini zilizobaki zinakatwa asilimia 30, yaani 27. Zinabaki 63.

Hiyo 37 inayopotea njiani ndiyo watu wanayoiona siku ya nyongeza, wakadhani mshahara wote unakatwa hivyo. Wakati Ngosha kwa 138,500 kwenye 1,035,000 angekuwa analipa kama asilimia 13 na kidogo. Anayetaka kujua nyongeza itamletea nini aangalie kiwango cha shilingi ya mwisho. Anayetaka kujua serikali inachukua sehemu gani ya pato lake agawe kodi yote kwa pato lote. Watu wawili wakibishana, mmoja akitaja 30 na mwingine 13, wanaweza kuwa wanazungumzia slipu moja.

Mwalimu Bi. Sato
Samahani, hayo ya kutopungua mimi siyakubali, maana nimepungua kweli. Nafundisha shule binafsi. Nilikuwa na 800,000 nikapandishwa hadi 900,000. Kabla nilikuwa napokea 660,000. Mwezi wa nyongeza nikapokea 594,500. Nililia chumba cha walimu. Hiyo si kodi?

Mhasibu Mkuyuni
Mwalimu wangu, soma slipu mstari kwa mstari, usiangalie ya chini tu. Kwa 900,000, NSSF ni 90,000, PAYE ni 80,500. Ungepaswa kupokea 729,500. Umepungukiwa 135,000 nyingine. Hiyo ni asilimia 15 ya 900,000 kamili. Ulisoma kwa mkopo?

Mwalimu Bi. Sato
Ndiyo. Nimeangalia sasa hivi. Kuna mstari wa Bodi ya Mikopo, mwezi ule ndio ulianza. Mimi nilidhani ni sehemu ya kodi.

Mhasibu Mkuyuni
Basi bila nyongeza ungepungua zaidi. 660,000 toa 120,000, ungebaki na 540,000.

Mama Dagaa Mwaloni
Wenye mishahara mnalia nini. Mimi mwaka 2023 mauzo yangu ya dagaa yalikadiriwa milioni 7 na kidogo kutoka 6 na kitu, kodi ikaruka kutoka 100,000 hadi 250,000. Kwa mwaka, sawa, lakini kuruka ni kuruka. Hiyo laki na nusu ilikula faida yote ya magunia niliyoongeza. Nikamwambia mume wangu, bora ningefunga mapema msimu ule.

Mhasibu Mkuyuni
Mama, wewe hujakosea, na kesi yako si ya hawa. Mfanyabiashara mdogo asiyetunza kumbukumbu anapangiwa kiasi kimoja kwa kundi la mauzo: zaidi ya milioni 4 hadi 7 ni 100,000, hadi 11 ni 250,000. Hapo ukivuka mstari kwa shilingi moja unaruka kweli. Anayetunza kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4, akifika 7 anadaiwa 90,000, akivuka inaendelea kwa 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi 7. Haina mruko. Mauzo ya 7,100,000 ni kodi 93,000. Daftari lingekuokolea 157,000.

Mama Dagaa Mwaloni
Wabeja. Lakini daftari nani ataandika saa tisa usiku maboti yakishusha?

Fundi Mabatini
Kwetu mwenye gereji mwenyewe ndiye anayetengeneza mishahara kwenye Excel. Alipoandika kiwango alikipiga kwenye pato lote. Nilivyopanda kutoka 1,080,000 hadi 1,120,000 nikawa naleta nyumbani kidogo kuliko zamani, miezi minne. Alidhani ndiyo sheria. Nikamletea fomula, A2 ikiwa ni kiasi baada ya kutoa NSSF:

```
=IF(A2<=270000,0,IF(A2<=520000,(A2-270000)*8%,IF(A2<=760000,20000+(A2-520000)*20%,IF(A2<=1000000,68000+(A2-760000)*25%,128000+(A2-1000000)*30%))))
```

Ukitaka kujua kama ya bosi wako ni nzima, weka 1000000, kisha 1000001. Ya kwanza ilete 128,000, ya pili iongezeke senti 30. Ikiruka maelfu, imekosewa. Zile za miezi minne bado namdai.

Kijana wa Nyegezi
Na mimi je, nina ajira mbili? Ile ya pili, chuoni jioni, wananikata asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza, hakuna ngazi.

Mhasibu Mkuyuni
Ajira ya pili inakatwa hivyo, kwa sababu ngazi zako za chini zimeshatumika kwenye ya kwanza. Lakini kama ya kwanza ni ndogo, unakatwa zaidi ya vile ungekatwa hela zote zikiwa sehemu moja. Hapo nenda TRA na slipu zote mbili, mimi sitakuahidi kitu.

Ngosha wa Igoma
Nimekaa nimepiga. Nafasi ile niliikosa miezi 14 kabla sijahama kiwanda. 99,500 mara 14 ni 1,393,000. Aliyeichukua ni yule jamaa wa Buzuruga.