Tupeane uzoefu: ampuli zinazofanana chumba cha upasuaji, na barua niliyomwandikia mfawidhi

Mfamasia_Pekee

Wakuu, habari za kazi. Niko kituo cha afya kinachofanya upasuaji wa dharura kwa akina mama, na famasi niko peke yangu. Juzi nikihakiki kabati la chumba cha upasuaji nimekuta ampuli ya asidi ya traneksamiki imelala ndani ya boksi la bupivakeini nzito, ile ya ganzi ya mgongo. Hajachomwa mtu. Ila ukiziweka mkononi utanielewa: zote kioo cheupe, zote maji yasiyo na rangi, moja mililita 4 na nyingine mililita 5.

Nimeandika barua, naibandika hapa bila majina. Mlioko vituoni, kwenu mnazitunzaje, na mabosi wenu waliyapokeaje mambo ya namna hii?

*Mganga Mfawidhi,*
*Kituo cha Afya.*

*YAH: PENDEKEZO LA KUHAMISHA ASIDI YA TRANEKSAMIKI KUTOKA KABATI LA DAWA ZA USINGIZI*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Katika uhakiki wa kabati la chumba cha upasuaji nilikuta ampuli ya asidi ya traneksamiki ndani ya boksi la bupivakeini. Nilipofuatilia, boksi lilitoka stoo kuu likiwa salama. Ampuli hiyo ilitolewa kwa ajili ya mama aliyekuwa akivuja damu, haikutumika, na wakati wa kusafisha meza ikarudishwa kwenye boksi lililokuwa wazi na karibu. Kwa hiyo tatizo halikuanzia kwenye kuchoma sindano, lilianzia kwenye kurudisha.*

*Kama unavyofahamu, traneksamiki huingia kwenye mshipa wa damu. Ikiingizwa kwenye uti wa mgongo husababisha maumivu makali, degedege na mapigo ya moyo kuvurugika, na wengi waliopatwa na hali hiyo wamefariki. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu kosa hili hili Machi 2022.*

*Napendekeza traneksamiki iondoke kabisa kwenye kabati la dawa za usingizi, iwekwe kwenye boksi la dharura ya kuvuja damu, ukutani upande wa pili wa chumba. Boksi hilo liwe na ampuli 4 za miligramu 500, zinazotosha gramu 1 ya kwanza na gramu 1 ya kurudia kama damu haijakata baada ya dakika 30. Sipendekezi zifungiwe famasi, kwa sababu usiku famasi imefungwa na dawa hii inatakiwa mapema, ndani ya saa 3 tangu kujifungua.*

*Pili, ampuli yoyote iliyotoka kwenye boksi lake na haikutumika isirudishwe na mtu wa zamu. Iwekwe kwenye kopo jekundu lenye mfuniko, nami nitaikagua asubuhi na kuirudisha mwenyewe.*

*Tatu, maboksi yapangwe ubavu wenye jina ukitazama nje. Kwa sasa yamesimama, na anayefungua kabati anaona vifuniko tu.*

*Nne, kabla ya ganzi ya mgongo, anayevuta dawa asome jina la ampuli kwa sauti na mtu wa pili alisome pia kwa macho yake.*

*Kinachohitajika ni boksi moja, kopo na lebo za kuchapisha. Naomba kibali cha kuanza Jumatatu.*

*Wako katika ujenzi wa taifa,*
*Mfamasia wa Kituo.*

Usingizi_Salama

Mkuu, barua imekaa vizuri, hasa hapo kwenye kurudisha. Watu wengi hudhani kosa linatokea mkononi mwa anayechoma, kumbe kabati lilishamtegea tangu jana yake.

Mimi natoa ganzi kila siku, ngoja niongeze kitu ambacho barua haina. Ganzi ikiingia sawasawa mama anakwambia miguu inakuwa mizito, ina joto. Akianza kulia kwamba mgongo na makalio yanawaka, miguu inarukaruka na ganzi haipandi, kitu cha kwanza ni kuokota ampuli tupu na kuisoma. Hatari iko hapa: mtu anasema "ganzi imekataa" na kurudia kuchoma, tena kutoka boksi lile lile. Ndiyo maana kwetu ampuli tupu haitupwi kwenye boksi la vyenye ncha kali mpaka mama atoke mezani. Inakaa kwenye trei ndogo pembeni. Ongeza hilo kwenye barua kama bado hujaipeleka.

Kuhusu boksi la ukutani nakuunga mkono, ila hakikisha upande huo mwingine sio tena juu ya meza ya usingizi. Nimeona mahali walipohamisha dawa, halafu trei ya dharura ikawa inaletwa hapo hapo kichwani kwa mgonjwa. Zikakutana upya.

Rangi_Tatu

Mbona mnazunguka? Bandika utepe. Bupivakeini njano, traneksamiki nyekundu, oksitosini kijani. Sisi tumefanya hivyo na hata anayeanza kazi leo hakosei. Rangi inaonekana hata taa ikiwa hafifu.

Mfamasia_Pekee

Rangi_Tatu, utepe kwenye boksi sina shida nao, unasaidia kupata boksi haraka. Shida ni kwamba ampuli iliyopotea haina utepe. Ile niliyoikuta ilikuwa ndani ya boksi lenye lebo sahihi kabisa, ungelibandika njano bado ungevuta traneksamiki huku ukijiamini. Halafu mzigo hauji na sura moja. Mzigo uliopita bupivakeini ilikuwa na mstari wa bluu shingoni, huu wa sasa hauna. Ndiyo maana kila mzigo mpya ukifika naweka ampuli moja ya kila dawa mezani, moja kando ya nyingine, kabla sijatoa chochote stoo. Zikifanana naandika kwenye daftari la makabidhiano na kuwaambia kwa mdomo.

Mama_Ney

Samahani wataalamu, mimi sio wa hospitali ila hili limenigusa. Mama yangu anatumia dawa za presha na za sukari, zote vidonge vyeupe vya duara, anavitoa kwenye karatasi zake na kuvichanganya kwenye kichupa kimoja kilichokuwa cha mafuta ya nywele. Anasema anavijua kwa ukubwa. Nifanyeje?

Usingizi_Salama

Mama_Ney, mwambie mama vidonge visitoke kwenye karatasi zake mpaka saa ya kumeza. Vilivyochanganyika vipeleke famasi alikochukua wavitenganishe, usikisie wewe. Na kila pakiti iandikwe kwa kalamu nzito kwa lugha anayoisoma: PRESHA, SUKARI.

Leba_Usiku

Kwetu leba shida si hizo, ni egometrini na vitamini K ya mtoto. Kituo nilichofanya kazi zamani zilikaa kwenye bakuli moja la chuma, pamoja na oksitosini. Usiku mmoja mtoto mchanga akachomwa egometrini. Alianza kupumua kwa shida, akabadilika rangi, degedege ikafuata. Alipelekwa rufaa na alipona, lakini dada aliyechoma hakurudi tena leba, aliomba ahamishwe.

Baadaye kilichobadilishwa kilikuwa kidogo tu. Vitamini K ikahamia meza ya mtoto, kule kwenye taa ya joto na ambu ya kichanga. Egometrini na oksitosini zikabaki friji, nyuzi 2 hadi 8, mahali zinapotakiwa kukaa hata hivyo. Dawa ya mtoto upande wa mtoto, dawa ya mama upande wa mama. Tangu hapo ukitaka kukosea inabidi utembee.

Ila mkuu, hicho kipengele chako cha mtu wa pili kusoma, usiku tunakuwa wangapi? Mmoja anachoma, mmoja anamshika mama, daktari ananawa. Nani anasoma?

Mzee_wa_Zamu

Nitasema ukweli ambao hamtaupenda. Mimi nimefanya kazi hii tangu sindano zinachemshwa. Kusoma lebo ndiyo kazi yetu. Ukishamhamishia mtu dawa, ukampa makopo mekundu na utepe, unamfundisha aache kusoma. Asiyesoma ataua kwa dawa yoyote, iwe kwenye boksi la ukutani au la dhahabu.

Leba_Usiku

Mzee shikamoo. Yule dada wa leba alikuwa anasoma kuliko wengi. Alikuwa na akina mama wanne, wawili wanasukuma kwa pamoja.

Mzee_wa_Zamu

Marahaba binti. Wanne kwa mtu mmoja, basi hiyo ni kesi nyingine. Hiyo mwandikieni mkurugenzi, si mfamasia.

Kliniki_Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Niko kliniki ya kibinafsi na meneja wetu si mtu wa afya, ni mhasibu. Nilimwandikia kitu kama hiki, akanijibu "tutaangalia" na barua ikalala. Kilichomsukuma haikuwa kifo wala degedege. Nilimwonyesha kwamba kila mwisho wa mwezi hesabu ya kadi ya stoo haikulingana na kabati: ampuli za dawa moja zimepungua, za jirani yake zimezidi kwa idadi ile ile. Hapo akainuka kwenye kiti. Idadi ikilingana hivyo, ujue zinahamahama maboksi. Kama mfawidhi wako ni daktari labda hutahitaji njia hii, lakini chungulia kadi zako, huenda si ampuli moja tu.

Mfamasia_Pekee

Kliniki_Nakuru, nimechungulia usiku huu huu. Traneksamiki imepungua moja na bupivakeini imezidi moja, hiyo niliyoikuta. Ila kuna nyingine: atropini imezidi mbili na adrenalini imepungua mbili. Hizo kesho asubuhi naanza nazo kabla ya chai.

Mrejesho kwa wote: mfawidhi ameniita leo mchana. Boksi la ukutani, kopo na maboksi kutazama nje amekubali, tena kasema tusisubiri Jumatatu. Trei ya ampuli tupu ya Usingizi_Salama nimeiongeza kwa mkono pembeni ya barua, ameitia sahihi. Kipengele cha nne amekizungushia duara na kuuliza swali lile lile la Leba_Usiku: usiku nani anasoma? Nimependekeza anayevuta dawa amsomee daktari huku akimwonyesha ampuli, kabla daktari hajavaa glavu. Daktari wa upasuaji anasema muda huo yeye bado yuko wodini akichukua ridhaa ya mama.

Kama kuna kituo chenye watu watatu tu usiku na mmeliweza hili, naomba mseme mnalifanyaje.

Usingizi_Salama

Sisi tuko watatu. Mhudumu anayesukuma machela ndiye anayesoma. Hajui dawa inafanya nini, ila herufi anazijua, na ukutani mbele yake kuna karatasi yenye jina moja tu lililoandikwa kubwa. Visipolingana anasema "hapana". Kuna madaktari waliolalamika kwamba mhudumu anawasimamisha. Wengine bado wanalalamika.