Mrejesho: kazi tulizoziacha baada ya kubaki watatu

Niliuliza: "Tuko Moshi, tunahudumia vikundi vya wakulima wa kahawa. Mwenzetu mmoja kaondoka na bajeti ya mafuta imekatwa. Tuache kazi ipi?"

Wakuu, asanteni sana. Swali lililotufungua macho ni hili: kazi hii isipofanyika, nani atapiga simu kuiulizia? Tuliorodhesha zote, hata ndogo alizozibeba mwenzetu kimyakimya, kama kumkumbusha mhasibu alipe PAYE, kodi ya mishahara, kabla ya tarehe 7. Hiyo ni ya kisheria, haikujadiliwa.

Ripoti ya wiki yenye picha ilitumalizia Ijumaa nzima. Kabla ya kuiacha tulimwandikia mfadhili, naye akajibu kwamba mkataba unadai ya robo mwaka tu.

Ziara ndizo zilikuwa ngumu. Tulitaka kukipunguzia kila kikundi kidogo, ionekane haki. Mwenyekiti wa kikundi kimoja, mama mtu mzima, akakataa: "Mwanangu, msije wakati shambani hakuna kazi. Njooni kahawa inapoiva." Alisema kweli. Matunda yakichumwa mabichi ubora unashuka, na bei nayo. Kwa hiyo tumebakiza ziara za kupogoa na za mavuno, nyingine tumezifuta, na tarehe tumewapa viongozi kwa maandishi wasitungoje bure.

Hofu yangu ni kutu ya majani kujitokeza katikati ya ziara hizo. Wakulima wakiona unga wa rangi ya chungwa chini ya jani wanatuma picha, mmoja wetu anapanda bodaboda. Simu zikizidi, ziara za masika zitarudi.